Kisanduku cha Laki Tano

Kisanduku chenyewe kilikuwa cha bati, rangi ya bluu iliyochubuka pembeni, na ufunguo wake ulining'inia kwenye mkufu shingoni mwa dada aliyekitunza. Ndani yake zilitakiwa ziwemo shilingi 500,000, ama taslimu ama kwa karatasi zinazoonyesha zilikokwenda. Tawi lilikuwa limefunguliwa Songea tarehe 10 Februari, na lilikuwa na watu wanne tu: meneja, dada huyo ambaye alikuwa keshia na papo hapo mpokea wageni, kijana wa mauzo, na dereva. Kampuni iliuza pembejeo za kilimo. Mimi nilikuwa mkaguzi wa ndani makao makuu, Dar es Salaam, na niliagizwa kuandika programu ya kukagua petikeshi ya tawi jipya, kisha niende kuijaribu mwenyewe kabla haijapelekwa kwingine.

Petikeshi ni zile hela ambazo ofisi huziweka karibu kwa matumizi madogo yasiyoweza kungoja malipo ya benki: bodaboda wa kupeleka barua, maji ya kunywa, umeme wa LUKU, pancha, sabuni ya chooni. Utaratibu unaotumika mahali pengi ni ule ambao watu wa serikali wanauita masurufu ya kudumu. Mtunzaji anakabidhiwa kiasi kisichobadilika, kwetu sisi laki tano. Kila anapolipa, anatoa vocha iliyoidhinishwa na kuambatanishwa risiti. Hela zikikaribia kuisha anapeleka vocha zote makao makuu, anarudishiwa kiasi kilekile cha vocha hizo, na kisanduku kinarudi kwenye laki tano. Kwa hiyo saa yoyote, siku yoyote, ukijumlisha hela zilizomo na vocha ambazo hazijarejeshwa, jibu lazima liwe 500,000. Si 499,000, wala si 501,000. Hata ziada ni kasoro, maana inaonyesha kuwa kuna mtu amepunjwa au kuna vocha haikuandikwa.

Programu ya ukaguzi, nayo, ni karatasi inayoeleza kitakachofanywa, kwa mpangilio gani, kwa ushahidi upi, na mbele ya kila hatua kuna nafasi ya mkaguzi kutia saini na tarehe. Kipimo chake ni kwamba mkaguzi mwingine, asiyenijua mimi wala kulijua tawi, akiichukua aweze kufanya kazi ileile na kufikia majibu yaleyale.

Nilipokaa kuiandika, kilichonisumbua hakikuwa ukubwa wa fedha. Kilikuwa ile idadi ya watu wanne. Katika ofisi kubwa, malipo madogo hupita mikono minne: anayeomba, anayeidhinisha, anayelipa na anayeandika vitabuni. Kila mkono unaushuhudia mwingine. Songea, aliyeomba mara nyingi alikuwa meneja na aliyeidhinisha alikuwa meneja huyohuyo. Aliyelipa alikuwa keshia na aliyeandika alikuwa keshia huyohuyo. Mikono minne imekuwa miwili, na mmoja kati ya hiyo miwili ni wa bosi. Programu za petikeshi nilizowahi kuziona zilikuwa zinamtazama mtunzaji tu, kana kwamba hakuna mtu mwingine anayeweza kuifikia hela. Hii nilitaka iulize pia ni nani anayeweza kumwambia mtunzaji "lete" naye akashindwa kukataa.

Hatua ya kwanza inafanyika kabla ya kupanda basi. Makao makuu nilitoa kwenye faili barua ya kumteua mtunzaji, nikaangalia kama ametia saini kukubali kiasi na masharti yake, hasa sharti la kwamba malipo ya mara moja yasizidi 50,000. Nikachukua sampuli ya saini ya meneja. Nikatoa ombi la kwanza la kujaziwa fedha pamoja na vocha zake zote, la tarehe 4 Machi, jumla shilingi 412,000. Na nikafanya jambo dogo ambalo baadaye lilinifaa kuliko yote: nilinakili kwenye daftari namba ya mita ya umeme ya ofisi ya Songea, tarakimu kumi na moja, kutoka kwenye mkataba wa pango. Habari kama hizi zikitafutwa ukiwa tayari tawini, unampa mtu nafasi ya kujua unachokitafuta.

Hatua ya pili ni kuhesabu. Hapa programu ina masharti mengi, na yote yana sababu.

Nilifika tarehe 19 Machi saa moja na nusu asubuhi, kabla dirisha la mauzo halijafunguliwa, na sikuwa nimempigia simu mtu yeyote. Baada ya salamu nilieleza nilichokuja kufanya, nikaomba fedha zote za ofisi ziletwe mezani kwa pamoja: kisanduku cha petikeshi, droo ya mauzo, bahasha yoyote iliyoko kwenye sefu. Tawi lililo na petikeshi na fedha za mauzo lina mifuko miwili, na ukihesabu mmoja leo na mwingine kesho, noti zilezile zinaweza kuhesabiwa mara mbili. Droo ya mauzo niliifunga kwa utepe wa karatasi, mimi na kijana wa mauzo tukatia saini juu ya utepe, ikakaa pembeni ikingoja zamu yake.

Mkaguzi hashiki hela. Anayehesabu ni mtunzaji, mkaguzi anatazama na kuandika. Wala mkaguzi habaki peke yake na kisanduku, hata mtunzaji akiomba kwenda msalani. Kisanduku kinafungwa kwanza na ufunguo anaondoka nao mwenyewe. Masharti haya yanamlinda dada wa watu, na yanamlinda mkaguzi vilevile, kwa sababu upungufu ukionekana, neno la kwanza litakalosemwa ni kwamba "hela zilikuwa kamili mpaka ulipozishika wewe."

Alihesabu kwa utulivu. Noti za elfu kumi zilikuwa tisa. Za elfu tano kumi na moja, za elfu mbili nane, za elfu moja kumi na tatu. Sarafu za mia tano tisa, za mia mbili tano, za mia tano. Niliandika kila aina kwenye mstari wake kwa kalamu ya wino, nikazidisha, nikajumlisha: shilingi 180,000 kamili. Kisha tukaja kwenye karatasi. Vocha ambazo hazijarejeshwa zilikuwa 14, jumla 265,000. Chini kabisa ya kisanduku kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa, cha shilingi 30,000, tarehe 17 Machi, kimeandikwa "dharura" na kutiwa saini mara mbili, kwa mwombaji na kwa mwidhinishaji. Saini zote mbili zilikuwa za meneja.

Jumla ya vyote ni 475,000. Zilipungua 25,000.

Ni hapa ambapo ukaguzi mwingi wa petikeshi huharibika, na nitaeleza kilichotokea hatua kwa hatua. Dada aliangalia meza, akasema, "Kaka, hiyo elfu ishirini na tano ninayo kwenye simu. Juzi nililipa kwa simu, chenji ikarudi hukohuko." Programu inasema maelezo yaandikwe kama yalivyotolewa, lakini jumla isibadilishwe. Kilichohesabiwa ni kilichokuwa kisandukuni. Hakuna kufungua pochi, hakuna kwenda kwa wakala kutoa, hakuna "ngoja nimwombe fulani." Nikamwomba anionyeshe ujumbe wa muamala. Alionyesha. Ulikuwa ujumbe wa kupokea 25,000 kutoka kwa kijana wa mauzo, na saa iliyokuwa kwenye ujumbe ilikuwa dakika ishirini baada ya sisi kuanza kuhesabu.

Niliandika saa ya ujumbe kando ya saa ya kuanza kuhesabu, bila neno lolote la kumhukumu. Karatasi ya hesabu ikamalizika kwa sentensi ya kawaida inayosema fedha zote zilihesabiwa mbele yangu na kurudishwa kwangu kamili, naye akatia saini, nami nikatia ya kwangu. Nakala moja yake, nyingine yangu. Mkono wake ulikuwa unatetemeka.

Mkaguzi mwenye haraka angeondoka hapo na ripoti ya ukurasa mmoja: upungufu 25,000, mtunzaji alijaribu kuuficha, apewe onyo. Ingekuwa ripoti ya kweli kwa kila tarakimu, na ingekuwa dhuluma. Kuhesabu kunakueleza hali ya kisanduku kwa dakika ile tu. Hakusemi hela zilitokaje, wala nani alizitoa, wala kisanduku kilikuwaje wiki iliyopita. Ndiyo maana hatua ya tatu katika programu yangu ni kurudi nyuma, siku moja moja, tangu tawi lilipofunguliwa.

Kazi hii ni rahisi kuliko inavyosikika. Unachukua vocha zote, zile za ombi la kwanza na zile zilizobaki tawini, unazipanga kwa tarehe, si kwa namba. Unaanza na 500,000 tarehe 10 Februari na kupunguza kila malipo siku yake. Unaongeza fedha za kujaziwa siku zilipofika kweli, kwa mujibu wa taarifa ya benki. Unachotafuta ni siku ambayo salio linashuka chini ya sifuri. Kisanduku cha bati hakiwezi kuwa na hela pungufu ya hakuna. Salio likienda hasi, basi ama vocha imeandikwa tarehe ya uongo, ama malipo hayakufanyika, ama kuna hela ziliingia kisandukuni kutoka mahali ambapo hapajaandikwa.

Tarehe 4 Machi salio lilikuwa 88,000, na siku hiyohiyo ombi la 412,000 lilitumwa Dar es Salaam. Fedha ziliingia tarehe 13 Machi. Siku tisa. Lakini vocha zenye tarehe za kati ya 5 na 12 Machi zilifika jumla ya 131,000. Mwenye 88,000 amelipaje 131,000? Hizo 43,000 zilitoka wapi?

Nilikwenda kwenye fedha za mauzo. Programu inataka mauzo ya kila siku yapelekwe benki kesho yake, kamili. Hati za kuweka fedha benki zilionyesha kuwa tarehe 10 Machi zilipelekwa pungufu kwa shilingi 43,000, na tarehe 14 Machi, siku moja baada ya petikeshi kujaziwa, zikapelekwa zaidi kwa kiasi hichohicho. Tawi lilikuwa limejikopesha kutoka kwenye mauzo. Hela haikupotea hata senti moja. Ila mlango kati ya mifuko miwili ulikuwa umefunguliwa, na mlango huo ukishazoeleka, upungufu wa petikeshi unaweza kujificha ndani ya mauzo mwezi mzima bila mtu kuuona.

Na sababu yake haikuwa tawini. Kuanzia tarehe 10 Februari hadi 4 Machi ni siku 22, na zilitumika 412,000, yaani karibu 18,700 kwa siku. Kama makao makuu huchukua siku tisa kujaza, tawi linahitaji kama 168,000 mkononi siku linapotuma ombi. Mwongozo wetu, ulioandikwa Dar es Salaam na watu waliokaa ghorofa moja na idara ya fedha, ulisema ombi litumwe salio likishuka chini ya laki moja. Kwa mwendo ule, hela zilizobaki zingetosha siku tano hivi. Tuliwaandikia kanuni isiyoweza kufuatwa, kisha tukapanga kuwakagua kwa kanuni hiyo.

Baada ya salio la kila siku ndipo programu inamruhusu mkaguzi kuingia ndani ya vocha moja moja. Mambo ya kawaida yanaangaliwa haraka: namba za vocha zinafuatana bila kuruka, kiasi cha tarakimu kinalingana na kiasi cha maneno, hakuna tarakimu iliyoongezewa mbele au nyuma kwa wino tofauti, risiti ina tarehe ya karibu na vocha, na vocha iliyokwisha kurejeshwa imegongwa muhuri wa "IMELIPWA" pamoja na risiti zake. Vocha za ombi la kwanza hazikuwa na muhuri huo hata moja. Kosa hilo lilikuwa la idara ya fedha makao makuu, si la tawi, na hatari yake ni ya wazi: risiti isiyogongwa muhuri inaweza kurudi mwezi ujao kwenye vocha nyingine ikalipwa tena.

Risiti za mashine ya kielektroniki zina njia yake ya kuthibitishwa, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuifanya. Kila risiti halali ya EFD ina namba ya uthibitisho iliyochapwa chini. Unaingia verify.tra.go.tz, unaandika namba hiyo, ukurasa unakuuliza saa iliyoko kwenye risiti, kisha unakuonyesha risiti ileile kama ilivyofika Mamlaka ya Mapato: jina la muuzaji, vitu, jumla. Unalinganisha na karatasi iliyoko mkononi. Ikiwa karatasi inasema 45,000 na mfumo unasema 4,500, huna haja ya kubishana na mtu. Fanya hivyo mapema, kwa sababu karatasi za mashine hizo hufifia; risiti iliyokaa juani dirishani huwa nyeupe kabla ya robo mwaka kuisha. Programu sasa inamtaka mtunzaji atoe fotokopi ya risiti siku anapolipa, gharama ambayo nayo inaingia petikeshi.

Kwa risiti za Songea, mashine hazikuleta shida. Kilichonisimamisha ni karatasi mbili za aina nyingine.

Ya kwanza ilikuwa vocha ya LUKU ya 40,000, katika lile ombi ambalo makao makuu ilikwisha kulirejesha. Iliambatanishwa ujumbe wa tokeni uliochapwa, tarakimu zake ishirini zinasomeka vizuri, umeidhinishwa, umelipwa, kila kitu mahali pake. Nikafungua daftari langu. Namba ya mita haikuwa ya ofisi. Mtu aliyepitisha vocha hiyo Dar es Salaam aliona neno LUKU, akaona kiasi, akaona saini, akapitisha. Hakuwa na namba ya kulinganisha. Tangu siku hiyo, fomu ya kila tawi ina namba ya mita yake kwenye kona ya juu kulia.

Ya pili zilikuwa risiti tatu za mkono kutoka duka moja dogo la mbao: ya 48,000 tarehe 18 Februari, ya 49,000 tarehe 21, na ya 47,000 tarehe 26. Kila moja imepita chini kidogo ya ukomo wa 50,000. Hilo peke yake linatosha kumfanya mkaguzi anyanyue macho. Lakini tazama namba za risiti zenyewe: 217, 218, 219. Je, duka lile halikupata mteja mwingine hata mmoja kwa siku nane?

Hatua ya nne ni ya miguu. Nililitembelea duka mchana wa siku hiyohiyo. Kijana wa dukani hakuwa na la kuficha; alifungua kitabu chake, akanionyesha nakala za kaboni tatu, wino wa mkono mmoja, na kunieleza kuwa mzigo wote ulichukuliwa siku moja na mteja ndiye aliyeomba aandikiwe mara tatu. Nikarudi ofisini, nikaingia stoo na kupima. Rafu zilikuwepo, ndefu, imara, zimebeba mifuko ya mbegu juu ya sakafu ya saruji ambayo ingeilowesha. Mbao zilitosha na bei ilikuwa ya kawaida kwa mji ule. Kwa hiyo 144,000 zilitumika kwa haki, kwa kitu kilichohitajika, kwa njia iliyokatazwa. Mkaguzi asiyekwenda dukani angeandika kwamba manunuzi yaligawanywa, na asiyeingia stoo angeweza kuandika kwamba ni wizi. Ripoti yangu iliandika ukomo umekwepwa, vifaa vipo, na tawi jipya halikupewa bajeti ya samani za stoo. Hayo matatu yakae pamoja, kwenye aya moja, ili msomaji asichukue la kwanza akaacha mengine.

Nilibakiwa na hatua ambayo nilibishana nayo sana wakati wa kuiandika: kuzungumza na mtunzaji peke yake, mlango umefungwa, baada ya karatasi zote kusomwa na kabla ya meneja kuulizwa lolote. Bosi wangu alisema mahojiano hayana nafasi katika programu ya petikeshi, ni mambo ya uchunguzi wa jinai. Nikamwambia katika ofisi ya watu wanne hakuna vocha itakayoniambia bosi alisema nini mlangoni. Akaniachia.

Nilimwekea dada mbele yake zile karatasi: kikaratasi cha "dharura", ujumbe wa simu, na vocha ya LUKU. Sikumuuliza amechukua nini. Nilimwomba anieleze, kwa kila moja, nani aliomba na ilikuwa saa ngapi. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa daftari dogo la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na kulisukuma upande wangu.

Kurasa mbili zilikuwa zimeandikwa kwa penseli. Tarehe, kiasi, neno moja. "Bosi, 40,000, umeme nyumbani." "Bosi, 20,000, kilirudi." "Bosi, 30,000, kikaratasi." "Bosi, 25,000, harusi." Hiyo ya mwisho ilikuwa ya tarehe 18 Machi, jana yake jioni, na haikuwa na kikaratasi. "Alisema ataleta asubuhi," akaniambia. "Wewe umefika kabla yake. Nilimwandikia kaka wa mauzo anitumie, nisionekane mwizi."

Daftari la penseli si ushahidi wa mwisho. Linaweza kuandikwa usiku mmoja. Ndiyo maana programu inataka kila mstari wake utafutiwe kitu cha pembeni: kikaratasi cha 30,000 kilikuwa na saini za meneja, namba ya mita ilikuwa ya nyumba, na kwa 25,000 palikuwa na ujumbe mfupi alioupokea jioni ile ukisema amwandalie hela hiyo. Ile 20,000 iliyorudi haikuwa na alama yoyote, nami niliiandika hivyo, kwamba haikuthibitika.

Meneja nilimkuta ofisini kwake saa tisa. Hakukataa. Alisema mshahara wa kwanza wa tawi jipya ulichelewa, familia ilikuwa imehama naye, na kila alichochukua alikusudia kukirudisha. Nilimwamini alipotamka neno "kukusudia," na hilo halibadilishi kitu. Mwaka 1953 mwanasosholojia wa Marekani, Donald Cressey, alitoa kitabu kilichotokana na mahojiano na wafungwa waliokula fedha walizokabidhiwa. Walimweleza, mmoja baada ya mwingine, kuwa wakati wanachukua walijihesabu kuwa wanakopa. Nilikuwa nimesoma habari hiyo nikiwa mwanafunzi na kuikariri kwa ajili ya mtihani. Songea niliisikia kwa Kiswahili, kwa mtu niliyemheshimu, aliyeng'ang'ana kuokoa mbegu za kampuni zisiloane.

Programu iliyotoka hapo ni ya kurasa tatu, na ina mipaka yake. Haiwezi kumkamata mtunzaji na muuzaji walioelewana bei kabla, maana risiti itakuwa halali na kitu kitakuwepo. Hapo ni kulinganisha bei dukani kwingine, kwa sampuli chache tu. Haiwezi kuthibitisha nauli ya bodaboda asiyetoa risiti. Kwa nauli tuliandika fomu yenye safari, sababu, jina na namba ya simu ya dereva, na mkaguzi anapiga namba mbili au tatu anazozichagua mwenyewe. Wala haifai kufanywa kila mwezi kwa tarehe inayojulikana. Kwa tawi la miezi sita ya mwanzo tulipanga hesabu tatu za kushtukiza, moja kati ya hizo ifuatwe na nyingine ndani ya siku tatu, kwa sababu watu hulegea wakidhani mgeni ameshaondoka.

Mabadiliko kwenye mwongozo yalikuwa machache. Ombi la kujaziwa hutumwa salio likifika laki mbili. Mtu hawezi kuidhinisha malipo aliyoyaomba mwenyewe. Maombi ya meneja yanaidhinishwa na makao makuu kwa ujumbe wa simu kwenda kwa mtunzaji, na ujumbe huo unachapwa na kuambatanishwa. Vikaratasi vya kukopa havipo tena; masurufu ya safari au ya dharura yana fomu yake na yanarejeshwa ndani ya saa 48. Ukomo wa malipo ya mara moja haukupandishwa, lakini kila tawi jipya linapewa fungu la vifaa vya kuanzia, linalolipwa benki. Na lile daftari dogo tulilifanya rasmi. Kila mtunzaji ana kitabu chenye kurasa zenye namba, anamoandika maombi yote aliyoyakataa, nani aliomba na saa ngapi. Mkaguzi akifika anakisoma kabla ya vocha.

Meneja alilipa 95,000 kwa makato ya mshahara, akapewa barua ya onyo na kuhamishwa. Nilirudi Songea mwezi wa Septemba, tena bila kupiga simu, mvua zikiwa bado na mitaa imejaa vumbi. Dada alinikaribisha, akaifunga droo ya mauzo kwa utepe wa karatasi kabla sijasema neno, akaweka kisanduku cha bluu mezani na kuvuta kiti.

"Shika kalamu, kaka," alisema. "Naanza na elfu kumi."